Kwa nini duka letu linakuuliza A, D, G badala ya A, B, C

Wateja kadhaa wa hapa Busia, na mafundi wanaotuagizia spea kutoka Tororo na Bugiri, wametuuliza kama hatujui alfabeti. Ukiagiza tairi kwetu kwa meseji, tunakurudishia swali lenye herufi A, D, G na J, na wewe unajibu kwa herufi moja tu. B na C zimekwenda wapi? Tumeziacha makusudi, na sababu yake ilitugharimu pesa.

Zamani tulikuwa tunauliza kama watu wanavyoulizana mdomoni. Mtu anaandika, "Nataka tairi ya Boxer." Sisi tunajibu, "Ya mbele ama ya nyuma?" Jibu linarudi: "Eeh boss." Huwezi kumlaumu. Yuko juu ya pikipiki, abiria amekaa nyuma, simu ni ya katochi na kidole gumba kina vumbi. Amesoma nusu ya meseji, akaona ni swali, akakubali. Lakini tairi la mbele la Boxer ni 2.75-17 na la nyuma ni 3.00-17. Ringi ni ileile ya inchi 17, ila la nyuma ni pana zaidi kwa sababu ndilo linalobeba abiria na magunia. "Eeh" haituambii tufunge lipi.

Kwa hiyo tukaanza kutoa machaguo. Kwanza tulitumia namba: 1 mbele, 2 nyuma. Tulidhani itakuwa rahisi kwa sababu kila mtu amezoea kujibu kwa namba akitoa pesa kwenye *165# au *185#. Lakini dukani namba ni idadi pia. Fundi mmoja akajibu "2". Tukamfungia tairi moja la nyuma. Kumbe alitaka mawili ya mbele, yake na ya mwenzake wa steji. Kwenye menyu ya mobile money hakuna anayeuziwa vitu viwili viwili, ndiyo maana namba inafaa kule na kwetu haifai.

Tukahamia kwenye herufi, tena tukajiona wajanja: M kwa mbele, N kwa nyuma. Nani atasahau hiyo? Hakuna aliyesahau, ila vidole vilikosea. Chukua simu ya vitufe uangalie kitufe cha 6: M, N na O zimekaa pamoja. Ukibonyeza mara moja unapata M, mara mbili unapata N. Mteja wetu wa upande wa Namayingo alitaka la nyuma. Akabonyeza mara mbili, lakini kitufe chake kilikuwa kimechoka na kikashika mara moja tu. M ikaja. Tukampakilia 2.75-17 kwenye taksi ya jioni, naye kesho yake akalirudisha kwa taksi hiyohiyo. Nauli ya kwenda na kurudi tulilipa sisi, na yeye akakosa kazi ya asubuhi nzima.

A, B, C zina ugonjwa uleule, maana zote tatu ziko kwenye kitufe cha 2. Herufi zinazopatikana kwa kubonyeza mara moja tu ni A, D, G, J, M, P, T na W, moja kwa kila kitufe kuanzia 2 hadi 9. Ndizo tunazotumia sasa. Ukiagiza tairi utapata meseji kama hii:

```
Tairi la Boxer, jibu kwa herufi:
A = mbele 2.75-17
D = nyuma 3.00-17
G = zote mbili
J = sijui, nipigie
```

Faida nyingine tuliigundua baadaye. Simu nyingine zinabahatisha maneno: unabonyeza 4 mara moja ukitegemea G, inakuletea I. Zamani tungekwama. Sasa tukiona I tunajua umegusa kitufe cha 4, na kwenye kitufe hicho kuna chaguo letu moja tu, basi ni G. Ukibonyeza mara moja zaidi ikaja E badala ya D, vilevile tunaelewa. Herufi kubwa au ndogo kwetu ni sawa.

Meseji yenyewe tunaibana iwe fupi. SMS moja inabeba alama 160, nafasi zikihesabiwa, na hiyo ya juu haifiki 110. Ikipita 160 inakatwa vipande, na kipande chenye J kikichelewa njiani utachagua kati ya ulivyoviona tu. Kuna siku niliandika kuhusu vioo "vinavyong'aa" kwa simu yangu kubwa, nayo ikageuza kile kialama cha ng' kikawa cha kujipinda. Alama moja ya namna hiyo inashusha kipimo cha SMS nzima kutoka 160 hadi 70. Siku hizi naandika "visafi" na maisha yanaendelea.

Tunauliza swali moja kwa kila meseji, na swali la pili haliazimi herufi za la kwanza. Ukishachagua tairi tutakuuliza: M = tairi peke yake, P = pamoja na tyubu. Hatuanzi tena na A kwa sababu ya mtandao. Simu yako inaweza kuwa imezimwa, inachajiwa kwa jirani, halafu jibu lako la swali la kwanza linafika baada ya sisi kutuma la pili. WhatsApp ina njia ya kujibu meseji fulani ukionyesha ni ipi, SMS haina. "A" ikifika saa yoyote, tunajua ni ya tairi la mbele.

Sasa J. Wengi wanaona aibu kuichagua, kama vile fundi hatakiwi kusema hajui. Tafadhali itumie. Mwanzoni hatukuiweka, na watu walichagua kilichokaribia. Mmoja alikuwa na pikipiki yenye ringi ya inchi 18, akaona mbele na nyuma tu, akajibu la nyuma. 3.00-17 haiingii kwenye ringi ya 18 hata ukiipaka sabuni. Kabla ya kujibu, soma ubavu wa tairi la zamani. Namba ya mwisho ndiyo ringi, ya mwanzo ndiyo upana. Kama imefutika, J.

Na kuna mambo ambayo hatutakutumia herufi kabisa. Ukiandika "pikipiki inakula mafuta" au "inalia nikikata kona", tukikupa machaguo matatu tutakuwa tumekuchagulia ugonjwa kabla ya kuuona. Hapo tutakupigia, au tukuombe picha au sauti kama una simu kubwa.

Tukipata herufi yako tunakuandikia kwa maneno tulichoelewa, kwa mfano "Nyuma 3.00-17, na tyubu, moja. Kama sivyo jibu W." Ukinyamaza hatufungi mzigo. Tunaufunga pesa ikiingia, na taksi ya jioni haimsubiri mtu, kwa hiyo ukiona kosa tuma W mapema.