Alama za udongo, simenti na nyasi: mbona mshindi wenu anaonekana dhaifu?

Klabu za tenisi za Lubumbashi zinazotuletea daftari la matokeo tuwahesabie alama za wachezaji hutuuliza swali hilo kila mvua zinapoanza. Udongo ukilowa, mechi huhamia kwenye simenti, na mchezaji mwenye alama 1800 ghafla anahesabiwa kama mgeni.

Sababu iko kwenye namba ya kuanzia. Katika hesabu ya Elo, inayompandisha alama anayeshinda na kumshusha anayeshindwa, tunamwekea kila mchezaji alama ya jumla, na pembeni alama ya kila aina ya uwanja. Zote zinaanzia 1500. Mtu aliyecheza mechi nne tu za simenti, akashinda tatu dhidi ya wenzake wapya, atakuwa na kama 1530. Hiyo 1530 haisemi kwamba hajui simenti. Inasema hatujamwona vya kutosha.

Wengi huchanganya nusu kwa nusu: nusu ya alama ya uwanja, nusu ya jumla. Kwa mchezaji mwenye mechi nyingi kila mahali, inafaa. Kwa huyu wetu inaharibu: 1800 na 1530 zinatoa 1665. Mpinzani mwenye 1700 kotekote, na mechi 30 za simenti, anakuwa mbele, na wetu anapewa nafasi ya asilimia 45.

Sisi tunapima uzito kwa idadi ya mechi (n) alizocheza kwenye uwanja huo:

```
w = n / (n + 20)        (w isizidi 0.5)
alama = w × uwanja + (1 − w) × jumla
nafasi = 1 / (1 + 10^((mpinzani − alama)/400))
```

Mechi nne zinatoa w ya 0.167, na alama inakuwa 1755. Nafasi yake inapanda hadi asilimia 58. Mechi ileile, anayepewa ushindi amebadilika. Hiyo 20 si sheria. Ijaribuni kwenye matokeo ya msimu uliopita. Wale mliowapa asilimia 70 wakishinda karibu saba kati ya kumi, iacheni.

Kosa tunalokuta mara nyingi ni kuirudisha alama iliyochanganywa ndani ya daftari. Mchanganyiko ni wa kutabiri tu. Baada ya mechi ya simenti, sahihisheni jumla kwa kutumia jumla za wote wawili, na simenti kwa simenti zao, udongo usiguswe. Mkichanganya, baada ya miezi michache alama zote zitafanana na mtakuwa mmepoteza mlichokuwa mkitafuta.

Tofauti ya viwanja ipo kweli: Nadal alishinda mechi 112 na kupoteza 4 tu kwenye udongo wa Roland Garros. Nyasi ndiyo ngumu kupima, kwa kuwa hata msimu wa wakubwa, ule wa Wimbledon, ni wa wiki chache tu, hivyo n hubaki ndogo na jumla ndiyo inayobeba mzigo.

Kwenye daftari mtakalotuletea, kila mstari uwe na tarehe, majina mawili, mshindi na aina ya uwanja. Uwanja usipoandikwa, mechi tunaiingiza kwenye jumla peke yake.