Gunia 30 za mchele hazitoki stoo, nisaini au nisisaini?

Asalam aleikum ndugu zangu, na nyinyi masheikh mnaotujibu hapa. Mimi nipo Tanga, nina duka la nguo za kina mama na watoto, shida yangu ilianza kama ya mtaji ila sasa imekuwa ya dini kabisa. Nahitaji milioni 3 nijaze duka kabla ya Ramadhani na riba sitaki, hilo halina mjadala. Kuna mfanyabiashara wa nafaka, baba mdogo wa mume wangu, mtu mzima anayeheshimika, yeye huwa anawatoa watu wengi huku mtaani na anasema yeye hakopeshi, anauza.

Utaratibu wake ndio huu. Anakuuzia gunia 30 za mchele kwa 120,000 kila gunia, jumla 3,600,000, utalipa baada ya miezi 6. Hapohapo mkiwa mmekaa anazinunua tena kutoka kwako kwa 100,000 kila gunia, anakuhesabia 3,000,000 taslimu unaondoka. Gunia hazijasogezwa, zimekaa stoo zilipokuwa, na kesho yake anaweza kumuuzia mwingine zilezile. Ukiangalia ulichotoka nacho ni milioni 3 mkononi na deni la milioni 3 na laki 6.

Nilimuuliza mwalimu wangu wa madrasa aliyenifundisha tangu mdogo, akanambia "Mwanangu, hayo ni mauzo mawili, kila moja limetimia, kwa madhehebu yetu ya Shafi hayana tatizo." Mtoto wa dada yangu ambaye amesomea sharia nje akasema "Mama mdogo usiguse, hiyo ni riba imevalishwa kanzu." Wote wawili nawaamini ndo maana nimekaa na vitabu na kuuliza uliza, na nataka niwaambie nilichokipata kabla sijawaomba ushauri, maana nimegundua kila mmoja ana msingi wake.

Hii biashara mafakihi wanaiita ina, na ni ya zamani sana. Kuna mapokezi kwamba mwanamke mmoja alimwendea Bi Aisha (r.a.) akamwambia amemuuzia Zaid bin Arqam mtumwa kwa dirham 800 za mkopo kisha akamnunua tena kwake kwa 600 taslimu. Bi Aisha akasema ubaya ulioje wa mlichouziana, na kwamba Zaid aambiwe amebatilisha jihadi yake pamoja na Mtume (s.a.w.) mpaka atubu. Maliki, Hanbali na wengi wa Hanafi wameishika hiyo. Na Ibn Abbas alipoulizwa mambo ya aina hii alisema ni dirham kwa dirham, katikati kimewekwa kitambaa cha hariri. Mimi hapo nilisimama kidogo maana kwangu mimi hariri ni zile gunia.

Lakini Imam Shafi (aliyefariki 820) hakukubali, na sababu zake si za kitoto. Alisema mapokezi yale ya Bi Aisha hayajathibiti kwake, na hata yakithibiti huenda alichokataa ni ile tarehe ya malipo, maana walikubaliana "mpaka posho zitoke" na siku ya posho haijulikani. Halafu Zaid naye ni sahaba, asingefanya kitu ila anaona ni halali, na masahaba wakitofautiana tunaangalia kiyasi, yani kulinganisha na hukumu inayojulikana, na kwa kiyasi mtu aliyenunua kitu kikawa chake anamuuzia amtakaye kwa bei aitakayo, akiwemo aliyemuuzia. Msingi wake mkubwa ni kwamba hakimu anahukumu kilichosemwa na kilichofanyika, yaliyomo moyoni ni ya Mungu. Ukianza kuvunja mikataba ya watu kwa kuwadhania nia hakuna mauzo yatakayobaki salama.

Wanaotetea hila, yani kupanga mikataba ili ufike kule ambako njia ya moja kwa moja imekatazwa, wana na hadithi ya tende, ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim. Mtu alileta tende nzuri za Khaibar, Mtume akauliza je tende zote za Khaibar ziko hivi, akajibu hapana, tunatoa pishi mbili za hizi mbaya kuchukua moja ya nzuri. Akamkataza, akamwambia uza zile mbaya za mchanganyiko kwa dirham, kisha kwa dirham nunua nzuri. Sasa ukitazama mwisho wa safari ni uleule, tende mbaya zimetoka na nzuri zimeingia, ila njia imebadilika ikawa halali. Wanasema basi njia ina uzito. Ibn Qayim (aliyefariki 1350), ambaye ndiye aliyezipiga hila kwa urefu kuliko wengi, anajibu kwamba Mtume alimwelekeza kwenye mauzo ya kweli, mtu anauza sokoni kwa anayetaka tende kweli, halafu ananunua kwa hiari yake, hakumwambia akae na mtu yuleyule wazungushe. Na yeye Ibn Qayim hakatai kila hila. Hila inayokufikisha kwenye haki kwa njia halali anaisifu, anachokataa ni tendo ambalo mwenyewe halitaki, analifanya tu ili alipate lile lililokatazwa.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hata Hanafi ambao ndio wanajulikana kwa vitabu vya hila hawakukubaliana hapa. Abu Yusuf aliiruhusu, lakini mwenzake Muhammad Shaibani, ambaye ndiye ananasibishiwa kitabu cha hila cha mwanzo mwanzo kabisa, imepokewa alisema mauzo haya moyoni mwake ni kama milima, ni mabaya, yamebuniwa na walaji wa riba. Yani anayejua hila zote ndiye hii imemkaba.

Na kwetu Shafi kuna Ghazali (aliyefariki 1111). Anataja habari kwamba Abu Yusuf alikuwa mwaka ukikaribia kwisha anampa mkewe mali yake na mkewe anampa ya kwake ili zaka isiwashike, Abu Hanifa akaambiwa akasema huo ni ufakihi wake. Ghazali anasema ni kweli huo ni ufakihi wa dunia, lakini madhara yake akhera ni makubwa kuliko kila kosa. Kwa hiyo mtu wa madhehebu yetu wenyewe anasema mkataba kusimama mbele ya kadhi ni jambo moja na wewe kusalimika mbele ya Mungu ni jingine. Hili mwalimu nilipomtajia alikaa kimya kidogo akasema "hilo ni kweli mwanangu, mimi nilikujibu usahihi wa mkataba."

Basi nikarudi kwenye huo huo usahihi wa mkataba, nikaomba karatasi ya baba mdogo niisome vizuri kabla ya kusaini, na hapa ndipo napotaka macho yenu. Karatasi ni moja. Mstari wa juu "nimemuuzia fulani gunia 30", chini yake "na mnunuzi atamuuzia tena muuzaji gunia hizo kwa 100,000 kila moja siku hiyohiyo", saini moja kwa yote. Imam Shafi na wafuasi wake wameruhusu pale mauzo ya pili hayakuwekwa kama sharti ndani ya ya kwanza. Likiwekwa sharti, mauzo yanabatilika kwao pia. Kwa hiyo kwa karatasi hii hata mtetezi hayuko upande wetu.

La pili ni kupokea mali. Nawawi (aliyefariki 1277) anapoieleza ina anasema anamuuzia kwa bei ya mkopo, anamkabidhi, kisha ananunua. Anamkabidhi! Na kwa Shafi vitu vinavyohamishika kuvikabidhi ni kuvihamisha, na huwezi kuuza ulichonunua kabla hujakipokea, hata kwa yule aliyekuuzia kwa kauli iliyo sahihi. Gunia zile hazijawahi kuvuka mlango wa stoo, mimi hata sijaonyeshwa ni zipi kati ya zote zilizopo mle.

Nikasema labda nimwombe afute ule mstari na niweke kirikuu nizibebe nizirudishe. Mtoto wa dada akanionyesha kwamba Nawawi anataja wakubwa wawili wa Shafi, Abu Ishaq Isfaraini na Abu Muhammad, baba wa Imamul Haramain, walitoa fatwa kwamba ina ikishakuwa mazoea basi mauzo ya pili yanakuwa kama yameshartiwa kwenye ya kwanza na yote mawili yanabatilika. Nawawi mwenyewe hakuifuata, kauli sahihi kwake ni kwamba mazoea hayadhuru. Ila kwa baba mdogo kila mtu mtaani anajua ukiingia pale unatoka na hela, hajawahi mtu kutoka na mchele, sasa nikifuta mstari si nimefuta wino tu?

Kuna njia ya kati, nizichukue kweli gunia nikauze sokoni kwa mtu mwingine. Hiyo ni tawaruki, wengi wameiruhusu, Ibn Taimia aliikataa na mwanafunzi wake Ibn Qayim anasema aliulizwa tena na tena hakulegeza. Na mwaka 2009 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Sharja likakataza ile ya kupangwa, yani muuzaji mwenyewe ndiye anakutafutia wa kumuuzia. Mimi sijui soko la mchele, nitauza kwa hasara na bado nitamtegemea yeye anitafutie mteja, tutakuwa palepale.

Nilichokipenda ni kingine, na kinatoka kwenye vitabu vilevile vya hila. Mtu anamwambia mwenzie nunua nyumba ile kwa 1,000 nami nitainunua kwako kwa 1,100, na huyu anaogopa akishanunua mwenzie atageuka imkalie. Jawabu lao ni anunue kwa khiyari ya siku 3, mwenzie akija amuuzie, asipokuja airudishe ndani ya siku hizo. Imam Shafi naye ameruhusu mtu aseme ninunulie nitakupa faida, mradi hakuna aliyefungwa, kila mmoja ana hiari yake bidhaa ikishanunuliwa. Hapa nguo zinahitajika kweli, zinakuwa mali ya baba mdogo kwanza, zikiungua usiku ule ni hasara yake, ndio anapata faida kwa kitu alichokibeba.

Kwa hiyo nawaza nimwambie baba aende Kariakoo anunue madera na nguo za watoto za milioni 3 kwa khiyari ya siku 3, azipokee, kisha aniuzie kwa 3,600,000 kwa miezi 6.

Ninayoomba kwenu ni haya. Wenye maduka ya jumla mnaosoma hapa, kuna muuzaji atakayekubali bidhaa irudi ndani ya siku 3 bila kukata hela, na inaandikwaje kwenye risiti? Masheikh, akiwa hana muda wa kwenda akanituma mimi nikanunue kwa niaba yake, nikapokea, kisha nikajiuzia, hapo si tumerudi kwenye gunia? Naogopa sana hapo maana najua ndivyo atakavyotaka. Na la mwisho ni la kifamilia, huyu ni baba mkwe wangu kwa heshima na watu wengi wameshasaini karatasi yake kwa nia njema, mimi mkamwana sina ubavu wa kumfungulia Nawawi mezani. Nimwachie mume wangu amwambie, au nimwombe mwalimu aende naye waisome ile karatasi pamoja, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyewahi kumwambia haina tatizo?