Barua kwa mwanangu anayekwenda kusahihisha moko

Mwanangu,

Jumapili uliikata simu mapema kuliko nilivyotaka, na tangu hapo usingizi wangu ni wa vipande vipande. Baba yako anasema nimestaafu ualimu lakini ualimu haujanistaafu mimi. Mwache aseme.

Ni lile swali la logi. Ulilisimulia ukicheka: mtoto wa kidato cha nne mwenye mwandiko wa kuku kaandika jibu moja, ufunguo uliochapwa una majibu mawili, ukampa alama mbili badala ya nne. Nami nilicheka. Simu ilipokatika ndipo nikachukua nyuma ya bili ya maji, nikalifanya.

log x + log(x − 3) = 1

Unaziunganisha logi mbili, unapata x(x − 3) = 10. Ukifungua mabano ni x² − 3x − 10 = 0, ambayo ni (x − 5)(x + 2) = 0. Kwa hiyo x ni 5 au −2, na hapo ndipo aliyetunga ufunguo alipoweka kalamu chini akaenda kunywa chai. Sasa rudisha majibu kwenye swali. Ukiweka 5 unapata log 5 + log 2, yaani log 10, yaani 1. Sawa kabisa. Ukiweka −2 unatakiwa utafute logi ya −2. Iko wapi hiyo, baba? Kumi ipandishe kwa kipeo chochote unachokijua cha darasani, haikupi namba hasi. Jibu ni 5 peke yake.

Na uliniambia kwa mdomo wako kwamba mtoto alikuwa ameiandika −2 halafu akaipigia mstari kwa rula. Hakusahau. Aliipata, akaipima, akaikataa. Wewe ukamkata alama kwa hatua ambayo mwenye ufunguo hakuifanya.

Mtego wenyewe uko hapa, usome taratibu. Ukiirudisha −2 kwenye mstari wa pili, ule wa x(x − 3), unapata −2 mara −5, nayo ni 10 kamili. Inakubali! Hata mtu makini akihakiki kwenye mstari huo atasema ufunguo uko sahihi. Inakataa kwenye swali lenyewe tu, kabla logi hazijaunganishwa. Kwa hiyo unapohakiki, rudi mpaka kwenye swali kama lilivyochapwa. Ukiishia mistari ya katikati, unatembea kwenye nyayo za yule aliyepotea.

Jumatatu unaondoka. Huko utapewa swali moja, rundo la karatasi za shule nyingi, na ufunguo wa kurudufu. Siku ya kwanza utafikiri. Siku ya tatu mkono utakuwa unatembea wenyewe, macho yanatafuta namba tu. Ndiyo maana nakuomba: fanya swali kwanza, ufunguo umefunikwa. Ufunue ukishapata lako.

Kuna dalili moja ambayo ningeijua mapema ningekuwa mtu mwingine. Ukiona watoto wa shule mbalimbali, wenye kazi safi tangu swali la kwanza, wanakosa swali moja kwa jibu lilelile, na waliolipata ni wale wanaobahatisha, simama. Lakini usikimbilie kusema ufunguo umekosea. Watoto wengi huandika (a + b)² = a² + b² na hawajawahi kuonana. Wingi wao unakuonyesha pa kutazama tu. Nani yuko sahihi utaambiwa na swali.

Usidhani haya ni ya mashine za kurudufu za huku kwetu. Mwaka 1980 kule Marekani, mtihani wa PSAT, unaofanywa nchi nzima, ulikuwa na swali la piramidi mbili. Moja ina nyuso nne, zote pembetatu zenye pande sawa. Nyingine ina kitako cha mraba na pembetatu nne za ukubwa uleule. Unazigandisha uso kwa uso, pembetatu juu ya pembetatu. Umbo jipya lina nyuso ngapi? Ufunguo ulisema 7: nne na tano ni tisa, toa mbili zilizogandana. Kijana wa miaka 17 wa Florida, Daniel Lowen, aliandika 5 akakosa. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na wenye mtihani wakakubali, wakapandisha alama za watu wengi. Nililitengeneza juzi kwa karatasi ya manila, gundi nikatumia ugali. Zikigandana, pembetatu mbili za piramidi ndogo zinalala sawasawa na mbili za ile kubwa, kama ubao mmoja. Nyuso mbili zinakuwa uso mmoja, na hivyo mara mbili. Saba inashuka hadi tano. Lile umbo liko juu ya kabati, mdogo wako kalitia rangi ya kucha.

Na mimi nisijifanye malaika. Kulikuwa na swali la silinda, kipenyo sm 14, kimo sm 10, tafuta ujazo. Binti mmoja wa dawati la mbele akaandika 1540. Majibu ya nyuma ya kitabu yalisema 6160. Nikamwekea kosa. Mtu angegawanya tu 6160 kwa 1540 angepata 4 kamili, na 4 kwenye silinda inasema waziwazi kwamba kuna aliyechukua kipenyo akakitumia kama nusu kipenyo. Sikugawanya, nilikuwa na madaftari themanini na wewe ulikuwa na surua. Kilichoniuma ni kilichofuata: binti alifuta lake, akatafuta njia ya kufikia 6160, akaipata. Mtihani wa muhula akazidisha kila nusu kipenyo mara mbili. Nikamwekea kosa tena, safari hii kwa haki. Tulikutana sokoni mwaka jana, akaniamkia vizuri sana, akanifungia nyanya za nyongeza. Sikumwambia chochote.

Ukikuta ufunguo umekosea, usiubadilishe kimyakimya kwenye nakala yako. Wenzako wataendelea na ule wa zamani, na mtoto wa rundo lako atapata, wa rundo la jirani atakosa. Mpelekee kiongozi wa jopo, na umpelekee kazi iliyoandikwa, mstari kwa mstari, maana maneno matupu huyageuza kuwa ubishi. Na karatasi zilizokwisha pita zirudiwe. Watakununia, ni kazi ya jioni nzima. Wanune. Nakujua, wewe hupendi kuonekana mjuaji mbele ya wakubwa. Umeirithi kwangu hiyo, na ningependa uiache hapa nyumbani.

Nilifurahi walipokuchagua, hata kama Jumapili sikusema. Nimewaambia majirani wote.

Bati la jikoni limepigiliwa, fundi karudisha chenji. Ada ya mdogo wako imebaki awamu ya mwisho. Ukilipwa posho usisahau, lakini usijinyime kula. Baba yako presha imeshuka, anakataa tu kupunguza chumvi. Kuku mwenye madoa kaanza kulalia.

Daftari la yule mtoto wa logi lirudie kabla ya Jumatatu, na umwambie yeye mwenyewe, usimwachie agundue. Koti la mvua liko nyuma ya mlango wa chumba chako.

Mama yako