Akaunti ya dola 100: nibaki kwenye H1 au nihamie akaunti ya senti?

Kwa mshauri,

Salamu kutoka Thika. Ninauza vipuri vya pikipiki, na foreksi ninaifanya kwa simu, kwenye MetaTrader 5, wateja wakipungua dukani. Akaunti yangu ina dola 100 na ninashughulika na jozi moja tu, EURUSD. Siulizi lini ninunue au niuze. Ninachotaka kujua ni chati ya muda gani na loti ya kiasi gani zitanifaa, ili gharama zisinimalize kabla sijajua kama kazi hii naiweza.

Nitakueleza nilivyopiga hesabu, nawe unisahihishe. Loti ndogo kabisa ninayoruhusiwa ni 0.01, yaani yuro 1,000, na kwa kiasi hicho kila pointi ni senti moja ya dola (pointi 10 ndizo pip moja). Kwenye ukurasa wa Quotes, spredi ya EURUSD mchana husoma 15 hivi. Maana yake kila nikifungua oda, tayari niko chini senti 15.

Kijana ninayefanya naye kazi anapenda M5, chati ya dakika tano. Anaweka Stop Loss pointi 60 na Take Profit pointi 60, akiamini ni nusu kwa nusu. Mimi naona sivyo. Ukinunua, unanunua kwa bei ya Ask, lakini oda hufungwa kwa bei ya Bid, ambayo iko pointi 15 chini. Kwa hiyo Bid lazima ipande pointi 75 ndipo ushinde, ilhali ikishuka 45 tu umetolewa. Mtu anayebahatisha tu angeshinda kama mara 37 au 38 katika 100. Akifungua oda kumi kwa siku, spredi peke yake ni dola 1.50. Kwa siku 20 za soko ni dola 30, karibu theluthi ya akaunti, hata kabla hujahesabu alizokosea.

Kwenye H1, chati ya saa moja, ninaweka pointi 200 kila upande. Hapo anayebahatisha angeshinda mara 46 hivi. Kwenye H4, kwa pointi 450, angefika 48. Spredi ni ileile, ila umbali umeongezeka na uzito wake umepungua.

Ningehamia H4 leo, lakini loti ndiyo inayonikwamisha. Kwa 0.01, Stop Loss ya pointi 450 ni dola 4.50, na siwezi kushuka chini ya 0.01. Nikipoteza mara sita mfululizo, jambo la kawaida kwa yeyote, dola 27 zimeondoka. Kwenye H1 hasara sita kama hizo ni dola 12, nami bado ninapumua. Kuileta Stop Loss ya H4 karibu ili hasara ionekane ndogo sikutaki, kwa sababu mshumaa mmoja wa saa nne unaweza kuipitia bila mwelekeo wa soko kubadilika.

Pia oda za H4 hulala. Usiku wa manane kwa saa zetu, benki za New York zinapofunga siku, spredi hupanuka ghafla, na oda ya kuuza hufungwa kwa bei ya Ask. Chati ya simu huchora Bid, kwa hiyo unaamka na kukuta umetolewa ilhali mstari haukugusa Stop Loss yako. Mimi nimewasha mstari wa Ask kwenye mipangilio ya chati ili niuone. Juu ya hayo kuna swap ya kila usiku, ambayo Jumatano hutozwa mara tatu.

Shemeji ananishauri niongeze dola 100 nyingine. Lakini broka wangu ananiuzia dola kwa shilingi 132 na kuinunua kwa 127 ninapotoa kwa M-Pesa, kwa hiyo kila dola 100 inayoingia na kutoka inaacha shilingi 500 njiani.

Njia nyingine ni akaunti ya senti, ambayo loti yake nzima ni yuro 1,000. Hapo ningefanya H4 kwa loti 0.22 na kuhatarisha dola moja hivi kwa oda. Spredi yake kwa broka huyu ni 22. Kwa umbali wa pointi 450 naona inavumilika, ingawa faida nayo itakuwa ya senti.

Kwa hiyo nakuuliza: kwa mtu anayeweza kutazama simu mara chache kwa siku, hasa saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, London na New York zote zikiwa wazi, ungebaki H1 kwa 0.01 na kufunga kila oda kabla ya kulala, au ungeenda akaunti ya senti kwa H4? Na ukichagua senti, ningojee oda ngapi zilizofungwa ndipo nijue matokeo yangu si bahati tu?

Msomaji, Thika