Kaka amejitoa kwenye grupu la mchango wa filamu yangu

Shikamoo Anti,

Saa kumi alfajiri hii sijapata hata lepe la usingizi. Nimehesabu hela za filamu mara nne na kila mara zinakuja zilezile, 910,000. Naomba usinicheke, maana wa kunicheka nimeshawapata, na wa kwanza ni kaka yangu wa tumbo moja.

Aliandika kwenye grupu, mbele ya watu 140: "Harusi tunaelewa, msiba tunaelewa. Sasa hii ni nini?" Kisha akajitoa. Anti, harusi yake nilitoa 300,000 nikiwa sina kazi ya kueleweka.

Watasema sijui ninachofanya. Ninajua. Mwanzo niliandika kurasa 19, kuna ufukwe usiku, kuna daladala. Usiku wa nje unataka taa, taa zinataka jenereta, na jenereta likinguruma karibu mazungumzo hayafai tena. Bajeti ikafika 2,400,000. Nikakata. Sasa ni kurasa 11, yaani kama dakika 11, mama na binti wanagombana jikoni, na jirani mmoja anabisha hodi. Nyumba moja, siku mbili. Usiku tutautengeneza mchana kwa kufunika madirisha na mablanketi.

Kamera na lenzi zake 120,000 kwa siku. Fundi sauti na vifaa vyake 80,000, na hapo sikupunguza, kwa sababu picha ikiwa na giza kidogo mtazamaji anavumilia, lakini asiposikia maneno anafunga. Chakula cha watu 12 ni 96,000, wengi wao hawanidai kitu, siwezi kuwalaza njaa pia. Nauli 60,000. Zidisha kwa siku mbili, ongeza hard diski 160,000, inakuja 872,000. Inabaki 38,000. Kibali cha Bodi ya Filamu nitalipa kwa mshahara wangu. Mhariri amekubali kusubiri.

Kosa langu nalikubali, lakini ni moja. Niliwaingiza watu wote siku moja na orodha ikiwa tupu. Ningewafuata kwanza kimyakimya watu kumi wa karibu, orodha ianze na hela, wengine wangefuata. Mtu akiona namba moja hadi kumi zimejaa, anaona aibu kupita. Akiona patupu anasubiri mwenzake. Hata hivyo zilikuwa zinaingia! Ahadi zilifika 1,350,000. Tangu kaka aandike yale maneno imeingia 20,000 tu, ya mwenye duka.

Halafu kuna wanaosema nakula hela. Zinaingia kwenye laini yangu ya kila siku, ndiyo, sikufungua nyingine. Nilichukua 45,000 nikanunua gesi, kesho yake nikarudisha. Ujumbe wa muamala ninao.

Hela ya kaka siitaki, nakuapia. Ila angeweka hata 5,000 jina lake lionekane, wale wengine wangemalizia ahadi zao. Na nyumba tunayopigia ni ya mama yetu, anakaa kaka na wifi. Jiko lile ndilo nililoandikia hadithi yote, lina dirisha linalotazama uani na sinki lililopasuka.

Tulikwenda kujaribu sauti pale mwezi uliopita. Friji lilikuwa linavuma, sikio halikulisikia lakini kwenye hedifoni lilijaa chini ya kila neno, na sauti ya namna ile mhariri haiondoi vizuri. Tukalizima. Tukafanya kazi mpaka jioni, tukaondoka. Samaki wa wifi walikuwemo, kilo nne. Nilisema samahani kwa simu siku ileile. Sasa fundi sauti amenifundisha kwamba ukizima friji la watu unaweka funguo zako za pikipiki ndani yake, huwezi kuondoka bila kulifungua. Angenifundisha mapema.

Lakini samaki na yale maneno vina uhusiano gani? Harusi yake nilitoa 300,000.

Mwenye kamera anataka nusu ya hela yake Ijumaa, asipopata anampa mtu wa harusi. Rafiki yangu ana jiko Mbagala, anatupa bure, ila lina bati tupu na mvua za vuli zimeanza. Ikinyesha hakuna kinachosikika. Mwingine ananiambia nirudishe michango nitulize roho. Nirudishe vipi na waliochanga nimeshawaahidi majina yao mwishoni na siku ya kuitazama pamoja?

Anti, nikienda kwa kaka, naanzia kwa nani, yeye au wifi? Na nikibeba samaki mkononi, itaonekana naomba msamaha au naomba nyumba? Mimi siombi msamaha. Nimeshaulizia bei ya changu sokoni, lakini ni kwa ajili ya kujua tu.

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mimi wa Temeke