Milioni 100 ya hatifungani haizai bilioni 1.1

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa nafundisha uchumi sekondari, na sijawahi kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Katika ripoti yenu ya wiki iliyopita mlisema Benki Kuu ikinunua hatifungani za shilingi milioni 100 kutoka kwa benki, na sharti la akiba, yaani sehemu ya amana ambayo benki lazima iibakize, likiwa asilimia 10, ujazi wa fedha utaongezeka kwa bilioni 1.1. Si kweli. Ile milioni 100 mmeihesabu mara mbili.

Siku ya mauzo, benki imetoa hatifungani na kupokea akiba kwenye akaunti yake Benki Kuu. Hakuna mwananchi aliyeongezewa hata senti. Kwa kuwa haikupokea amana mpya, benki inaweza kukopesha milioni 100 yote. Mkopaji akimlipa fundi, fundi akaiweka benki nyingine, hiyo inabakiza 10 na kukopesha 90, inayofuata 81, hadi jumla ya amana inafika bilioni 1. Inaishia hapo. Bilioni 1.1 haitokei hata kama muuzaji ni mstaafu na si benki: akaunti yake inapanda milioni 100 siku ile ile, benki yake inabakiza 10, mikopo yote inakuja kufika milioni 900, na jumla inabaki bilioni 1.

Tena hiyo ndiyo dari. Mdogo wangu ana mashua Sahare. Alikata ripoti yenu akaenda nayo benki kuomba mkopo wa injini, akiamini fedha zimejaa. Akaombwa dhamana ambayo hana, akarudi amevunjika moyo, na mimi ndiye niliyelazimika kumweleza kwamba akiba ikiongezeka benki haishurutishwi kukopesha! Inaweza kuikalia. Na hata ikikopesha, sisi tunatembea na noti mfukoni. Tuseme kwa kila shilingi 100 iliyo benki watu wanashika 40 taslimu: hapo shilingi 50 za Benki Kuu, yaani 10 za akiba na 40 za mkononi, zinabeba fedha 140. Kizidishi, yaani mara ambazo fedha ya Benki Kuu inaongezeka, ni 2.8, si 10. Milioni 100 inazaa milioni 280.

Na hizo taslimu zenyewe ni shida kuzipata. Jumamosi nilizunguka kwa mawakala watatu hapa Ngamiani kutoa laki mbili, wote wakasema hawana fedha taslimu. Mtu aliyehangaishwa hivyo akizipata hazirudishi benki, anazificha ndani.

Naomba msahihishe ukurasa ule ule, kwa jedwali la safu nne: nani kauza hatifungani, amana zimepanda kiasi gani siku ya kwanza, kiasi gani cha juu kabisa mwishoni, na kiasi gani watu wakishika 40 kwa kila 100. Mdogo wangu bado anacho kipande chenu cha gazeti. Nataka nimpe cha kukibadilisha.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga