Aliyekuja kumchukua mtoto hayumo kwenye orodha, na wazazi wote hawapatikani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba ushauri wa wasomaji wenu wanaolea watoto wa majirani baada ya masomo, hasa wale ambao wazazi wao hutoka kazini usiku. Sisi ni wawili, tunapokea watoto 12 wa miaka minne hadi tisa, kuanzia wanapotoka shule mpaka saa 12 jioni. Utaratibu wetu wa kumkabidhi mtoto unafanya kazi vizuri karibu siku nzima. Unatushinda katika saa ya mwisho, na ndiyo saa ambayo ungehitajika zaidi.

Mtoto anapoandikishwa, wazazi hujaza fomu yenye majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Tunataka majina matatu, yasizidi manne. Kila jina huambatana na picha, namba ya simu na uhusiano wa mtu huyo na mtoto, na mzazi mmoja hawezi kuongeza jina bila saini ya mwenzake. Idadi ni ndogo kwa makusudi: orodha ya watu wanane hakuna mlezi anayeikumbuka kichwani, na mlezi asiyeikumbuka huishia kumtazama mtu usoni na kukisia.

Orodha nayo huchakaa. Dada wa kazi anaacha kazi, wazazi wanamsahau kwenye fomu, na kwa karatasi zetu bado ana haki ya kuondoka na mtoto. Dawa yake tumeiona kuwa daftari la makabidhiano. Kila jioni huandikwa saa mtoto aliyotoka, jina na saini ya aliyemchukua, na saini ya mlezi aliyemtoa. Muhula ukiisha tunalinganisha daftari na fomu, na jina ambalo halijaonekana muhula mzima tunawauliza wazazi kama libaki. Sharti daftari liwe la kushonwa, lenye kurasa zilizopewa namba, na liandikwe palepale getini. Likijazwa kwa pamoja baada ya watoto kuondoka, utalijua tu: saa zote zinaangukia kamili au nusu, na mwandiko unateremka kwa mkono mmoja na kalamu moja.

Mtu asiye kwenye orodha ana njia yake. Mzazi anatakiwa kutuarifu kabla ya saa 10 alasiri, akitaja jina la anayemtuma. Sisi humpigia mzazi kwa namba iliyo kwenye fomu, hata kama namba iliyotupigia inafanana nayo, na tunataka kusikia sauti. Meseji peke yake haitoshi, kwa kuwa anayeshika simu ndiye anayeandika meseji. Aliyetumwa akifika anataja neno la siri la familia na kuonyesha kitambulisho chenye jina lilelile tulilotajiwa.

Neno la siri ndilo linalosifiwa sana katika kazi hii, na kwa maoni yetu ndilo dhaifu kuliko yote. Wazazi hulituma kwa meseji pamoja na ombi lenyewe, likabaki kwenye simu. Aliyeiokota au kuiba simu hiyo anapandisha tu mazungumzo ya nyuma na kulisoma. Tena mtu akishalitumia mara moja amelijua, kwa hiyo siku inayofuata linapaswa kubadilishwa, na hapo ndipo familia nyingi huchoka. Tunasisitiza lisemwe kwa mdomo, lisiwe jina la utani la mtoto, na lisitumike mara mbili. Bado hatuliamini bila sauti ya mzazi.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu huuona mkubwa kumbe si ushahidi: mtoto kumkimbilia aliyekuja. Hiyo inaonyesha kwamba anamjua mtu huyo, basi. Haisemi kwamba mzazi amemtuma. Anayemchukua mtoto bila ruhusa si lazima awe mgeni. Anaweza kuwa ndugu, na wazazi wakiwa wamegombana anaweza kuwa mmoja wao.

Sasa tufike kwenye tatizo. Chukueni mfano wa familia hii, ambayo tumeibadilisha kiasi cha kutotambulika lakini inalingana na hali za kweli. Mama ni muuguzi wa zamu ya jioni na simu yake hukaa kabatini mpaka atoke wodini. Baba ni dereva wa lori, yupo njiani mahali pasipo na mtandao. Bibi ndiye huja kumchukua mtoto wao wa miaka sita. Saa 12:40 jioni bibi hajafika. Anatokea kijana ambaye hayumo kwenye orodha. Mtoto anapiga kelele, "Mjomba!" na kukimbilia geti. Kijana anasema bibi anaumwa, anaonyesha meseji iliyotoka kwenye namba ya mama saa tisa ikimwomba amchukue mtoto, na hajui neno la siri. Kwetu mama hakutuma chochote.

Kwa utaratibu wetu kijana anabaki nje ya geti na mtoto anabaki ndani. Mlezi mmoja anakaa na watoto, mwingine anapiga simu: mama mara mbili, baba mara mbili, kisha bibi. Baba hapatikani, simu ya mama inaita bila kupokewa, ya bibi imezimwa. Hatua ya mwisho tuliyonayo ni namba ya mezani ya kazini. Tunaiomba siku ya kuandikisha pamoja na cheo cha msimamizi wa zamu, na tunaipigia siku hiyohiyo kuhakikisha kwamba inafika wodini na haiishii mapokezi. Kwa mtu ambaye kazi yake inamtenga na simu, namba hiyo ina thamani kuliko neno la siri. Lakini dereva hana namba ya mezani, wala fundi anayehama eneo hadi eneo, wala mfanyabiashara wa sokoni. Na wodini wanaweza kujibu kwamba mama ameingia chumba cha upasuaji, atatoka baada ya saa mbili.

Ugumu unaongezwa na saa yenyewe. Mlezi wa pili huondoka saa 12:15, kwa kuwa kwa kawaida wanakuwa wamebaki watoto wawili watatu. Kwa hiyo saa 12:40 mtu mmoja analinda watoto, anapiga namba nne, anabishana na kijana getini na kumtuliza mtoto anayelia akimtaka mjomba wake. Hapo sheria huvunjika, na anayeivunja mara nyingi si mzembe, ni mtu aliyebaki peke yake. Wazazi wengine wakiwapo getini wanatazama. Ukimtoa mtoto kwa huruma jioni moja, wiki inayofuata kuna mzazi atakayekukumbusha kwamba kwa fulani hukudai kitambulisho.

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kuwatoza faini wanaochelewa ili saa 12:15 watoto wote wawe wameondoka. Tunasita. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa. Vituo sita viliweka faini ndogo kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10, na idadi ya waliochelewa ikaongezeka badala ya kupungua. Faini ilipoondolewa, idadi hiyo haikurudi kuwa kama zamani. Maelezo yao yanaingia akilini: zamani mzazi alimwonea mlezi haya, baada ya faini akahisi ananunua muda. Ni kweli faini ile ilikuwa ndogo, na faini kubwa huenda ikatoa matokeo mengine. Lakini faini kubwa itamwangukia hasa muuguzi na dereva, ambao hawachelewi kwa kupenda.

Tunafikiria kuuza nafasi za jioni waziwazi. Mlezi wa pili abaki mpaka saa 1:45 usiku, yaani saa moja na nusu zaidi kwa siku, saa saba na nusu kwa wiki ya siku tano. Nafasi ziwe tano, zilipiwe mwanzoni mwa mwezi. Kila mtoto atabeba malipo ya saa moja na nusu ya mlezi kwa wiki. Zikijazwa nafasi tatu tu, mzigo unakuwa saa mbili na nusu kwa kila mtoto, na tunahofia wazazi hao watatu watajitoa na mpango kufa. Njia nyingine ni kugawa gharama kwa watoto wote 12, isipungue hata nafasi zikiwa wazi, kwa hoja kwamba yeyote anaweza kukwama jioni moja. Wanaowahi kila siku watauliza kwa nini wawalipie wengine, na hatuna jibu zuri sana.

Maswali yetu ni haya. Kwa waliojaribu nafasi za jioni, mlizitoza vipi, na mlimfanyaje mzazi ambaye hakulipia lakini anafika saa 12:40 mara mbili kwa wiki?

Pili, mtu hayumo kwenye orodha na wazazi hawapatikani kabisa: mnamkatalia mpaka saa ngapi, na baada ya hapo mtoto analala wapi? Tumefikiria kumtaka kila mzazi anayefanya kazi mbali na simu ataje mtu mmoja wa akiba, asiyeishi nyumba moja nao na asiye na zamu za usiku, ambaye tutamjaribu kwa simu kila mwanzo wa muhula. Lakini je, mtu huyo apewe uwezo wa kumruhusu mwingine kama yule mjomba, au awe na uwezo wa kuja mwenyewe tu? Mmoja wetu anaona aje mwenyewe tu. Mwingine anaona hilo litamwacha mtoto kituoni usiku bila sababu. Na ni wakati gani mnaona sasa ni suala la kuwaarifu polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, na mnawaambiaje wazazi jambo hilo siku ya kuandikisha bila kuwatisha?

La mwisho linaonekana dogo. Bibi aliyeandikwa kwenye orodha, mwenye umri mkubwa na heshima yake, anakataa kuonyesha kitambulisho kwa mlezi mgeni aliyeanza kazi juzi. Tumeanza kubandika picha za walio kwenye orodha nyuma ya mlango wa ofisi, mahali ambapo wapitao hawaoni, ili mlezi mpya asilazimike kumuuliza mtu mzima yeye ni nani. Inasaidia kwa walio kwenye orodha. Kwa shangazi aliyetumwa mara ya kwanza, mnatumia maneno gani getini?

Ni sisi wasomaji wenu,
Walezi wawili wa mtaani